Mililita hamsini za asidi mezani: mpangilio wa kuidhibiti, kuua makali yake na kutoa taarifa

Kabla ya yote, neno moja linahitaji kunyooshwa. Katika mazungumzo ya kila siku tunasema "asidi kali" kwa maana mbili zilizo tofauti kabisa. Mkemia akisema asidi ni kali kwa asili, anamaanisha kwamba ikiingia kwenye maji karibu molekuli zake zote hujigawa na kutoa haidrojeni yenye chaji. Kwa maana hiyo asidi ya haidrokloriki iliyozimuliwa sana, ambayo mwanafunzi wa kidato cha pili anaitumia bila hatari kubwa, bado ni asidi kali. Makala haya yanahusu jambo la pili, yaani asidi iliyokolea, ile inayotoka kwenye chupa ya kiwandani ikiwa bado haijazimuliwa. Hatari yake haitokani na uasidi peke yake. Hutokana pia na uchu wake wa maji na joto inalolitoa inapoyapata.

Mfano nitakaoufuata tangu mwanzo hadi mwisho ni wa kawaida katika maabara za shule na vyuo vyetu. Mwanafunzi anamimina asidi ya salfuriki ya asilimia 98 kutoka chupa ya lita 2.5 kwenda kwenye silinda ya kupimia, silinda inapinduka, na mililita 50 hivi zinatandaa juu ya meza ya mbao. Kwenye uso ulio sawa, kiasi hicho huacha dimbwi lenye kina cha milimita mbili au tatu na upana unaokaribia shubiri moja. Halitoi moshi mwingi, halina harufu ya kutisha, na linasogea taratibu kwa sababu asidi hii ni nzito kama mafuta ya kupikia. Utulivu huo ndio unaowadanganya watu kuchukua kitambaa kibichi na kupangusa.

Tuone kwanza kwa nini kitambaa kibichi ni kosa. Mililita moja ya asidi hii ina uzito wa gramu 1.84, karibu mara mbili ya uzito wa maji. Maji kidogo yakimwagwa juu yake hayachanganyiki mara moja, bali huelea, na pale yanapokutana na asidi joto hupanda ghafla kiasi cha kuyachemsha. Mvuke unaofumka hurusha matone ya asidi kila upande, hadi usoni pa aliyeinama kupangusa. Kitambaa chenyewe nacho ni chakula cha asidi, kwa kuwa pamba, karatasi na maranda ya mbao vyote vimejengwa kwa sukari ndefu ambazo asidi ya salfuriki huzinyang'anya maji na kuziacha zikiwa makaa meusi. Niliwahi kufanya kazi katika chuo kimoja ambako mtu alifuta asidi kwa tishu akaitupa kwenye ndoo ya takataka ya plastiki. Mhudumu wa usafi aliyeibeba ndoo hiyo jioni ndiye aliyepata jeraha la mkononi, saa kadhaa baada ya watu wa maabara kuamini kwamba jambo limekwisha. Kwa asidi ya naitriki iliyokolea hali ni mbaya zaidi, kwa sababu yenyewe huongeza oksijeni, na maranda au tishu zilizolowa zinaweza kushika moto bila kiberiti.

Hatua ya kwanza, basi, si kuigusa asidi bali kuangalia watu. Ikiwa tone limemfikia mtu, shughuli ya meza inasimama na mtu huyo anapelekwa kwenye bomba. Hapa pana utata unaowasumbua wengi: kama maji juu ya asidi ni hatari, mbona tunaambiwa tuoshe ngozi kwa maji? Jibu liko kwenye kiasi. Maji machache yanayotuama hupokea joto na kubaki nalo, ilhali maji mengi yanayotiririka huchukua asidi na joto vyote kwa pamoja na kuviondoa. Kwa hiyo ngozi au jicho huoshwa papo hapo, kwa maji yanayotiririka, kwa muda usiopungua dakika 15, huku nguo zilizolowa zikivuliwa bila kuoneana haya, kisha mtu apelekwe hospitali. Kwa jicho, kope zishikwe wazi na maji yaelekezwe kutoka upande wa pua kwenda nje ili yasiingie kwenye jicho lililo salama. Unga wowote wa kuua makali haupakwi mwilini wala machoni, kwa kuwa kutoa povu na joto juu ya ngozi iliyojeruhiwa ni kuongeza jeraha.

Ikiwa hakuna aliyeguswa, anayesimamia awatangazie waliopo kwa sauti kwamba asidi imemwagika na imemwagika wapi, awaondoe wanafunzi kwenye meza hiyo na zile za jirani, azime vichomeo vya gesi na kukata umeme wa soketi za meza hiyo kutoka swichi kuu, si kwa kunyoosha mkono juu ya dimbwi. Madirisha yafunguliwe. Kisha ajiulize swali moja kwa uaminifu: je, hili ni la kwetu? Ni la kwenu ikiwa mnajua kwa hakika ni asidi gani, kiasi chake ni kidogo kuliko uwezo wa unga mlio nao, na hakuna kitu kingine kilichochanganyika nayo. Si la kwenu ikiwa chupa haina lebo, ikiwa asidi imefikia chupa ya sianidi, salfaidi au dawa ya kufanya nguo kuwa nyeupe, ambazo zikikutana na asidi hutoa gesi za kuua, au ikiwa ni asidi ya haidrofloriki. Hii ya mwisho ina sheria zake peke yake, kwa sababu hupenya ngozi bila maumivu ya haraka na kwenda kufunga kalisi iliyomo mwilini. Maabara isiyo na jeli ya kalisi glukoneti, ambayo ndiyo dawa ya jeraha lake, haipaswi hata kuwa na asidi hiyo kabatini. Katika hali hizo kazi yenu ni kutoka, kufunga mlango na kuita wenye vifaa.

Tuchukulie kwamba ni la kwenu. Atakayefanya kazi avae miwani ya kinga inayoziba pande zote, aproni ya mpira na viatu vya kufunika, pamoja na glavu nene za mpira mgumu. Zile glavu nyembamba za kutupwa, ambazo kila mtu anazo mfukoni, hazifai kwa asidi ya salfuriki iliyokolea: huharibika upesi, na aliyezivaa huwa jasiri kuliko anavyostahili. Mtu wa pili asimame hatua chache nyuma, akiwa na unga wa ziada na njia wazi ya kufika kwenye bomba.

Sasa asidi izuiwe isienee. Kabla ya kufikiria kuua makali yake, mtu aangalie meza imeinamia wapi, kwa sababu meza nyingi za zamani hazijasimama sawa, na dimbwi litakuwa linasafiri polepole kuelekea ukingoni au kwenye mwanya wa mbao ulio juu ya droo. Upande huo ndio unaowekewa ukuta kwanza. Ukuta ni wa mchanga mkavu au wa unga wenyewe wa kuua makali, unamwagwa kwa mstari mnene usio na pengo, na kutoka hapo unazungushwa hadi dimbwi lote liwe ndani ya duara. Chini ya ukingo liwekwe beseni la plastiki, si la bati, kwani asidi iliyopata maji kidogo ikigusa bati lenye zinki hutoa haidrojeni.

Kuhusu mchanga pana tahadhari ambayo vitabu vya ng'ambo havina sababu ya kuitaja, lakini sisi wa pwani tunayo. Mchanga mweupe wa ufukoni, katika sehemu nyingi za pwani yetu, huwa na matumbawe na magamba mengi yaliyosagika, yaani kalisi kaboneti. Mtu anaweza kudhani hiyo ni heri, maana kaboneti huua asidi. Tatizo ni kwamba asidi ya salfuriki inapogusa chembe hizo hutengeneza kalisi salfeti, ambayo haiyeyuki vizuri, nayo huifunika chembe kama ukoko unavyofunika sufuria. Povu hutoka kidogo, kisha hukoma, na asidi hubaki imefichwa katikati ya mchanga unaoonekana mkavu. Chokaa ina kasoro hiyohiyo, na ile ambayo haijazimwa inaongeza joto lake yenyewe. Mchanga wa ndoo ya dharura uwe ule wa mtoni uliooshwa na kukaushwa, na kuupima ni rahisi: kijiko cha mchanga kiwekwe kwenye bika, kidondoshewe asidi ya haidrokloriki iliyozimuliwa, na ukitoa povu, urudishwe ulikotoka.

Kwa kuua makali, kitu kinachofaa kuliko vyote katika maabara ndogo ni bikaboneti ya sodiamu, NaHCO3, unga uleule wa baking soda unaotumika kuumulia maandazi. Sababu ya kuuchagua ni kwamba haukomoi. Mtu akizidisha, kinachobaki mezani ni mchanganyiko wenye pH ya 8 na kitu, ambao haumdhuru mtu. Kostiki soda, NaOH, ni hatari hapa hata kama kwenye karatasi hesabu zake ni nzuri, kwa kuwa inapokutana na asidi iliyokolea joto linalotoka ni la kurusha matone, na ikizidi kidogo tu, mtu anakuwa amebadilisha asidi inayounguza kwa besi inayounguza. Katikati ya hizo mbili iko sodiamu kaboneti, Na2CO3. Inafanya kazi, lakini vumbi lake linawasha macho na ziada yake hufikia pH ya 11 hivi. Magadi yanayovunwa Ziwa Magadi kule Kenya ni mchanganyiko wa asili wa kaboneti na bikaboneti. Yakisagwa yanaweza kuokoa siku pale ambapo hakuna kingine, ila usafi wake hautabiriki. Hapa kuna mtego wa jina. Madukani, hasa yanayowauzia watengeneza sabuni, "magadi soda" hutajwa kwa zaidi ya kitu kimoja, na huuzwa kando ya kostiki katika mifuko inayofanana. Ndoo ya dharura isijazwe kwa kuamini jina. Isomwe fomula kwenye lebo.

Kiasi gani kinatosha? Mililita 50 za asidi yetu zina uzito wa gramu 92, na kati ya hizo gramu 90 ni H2SO4 halisi, ambazo ni moli 0.92. Kila moli ya asidi hii inadai moli mbili za bikaboneti, yaani moli 1.84, na kwa kuwa moli moja ya bikaboneti ina gramu 84, tunahitaji gramu 155. Kwa matumizi ya haraka mtu akumbuke gramu tatu kwa kila mililita na aandae gramu nne, kwa sababu mezani uchanganyaji haukamiliki kama kwenye daftari. Asidi ya haidrokloriki ya dukani, yenye asilimia 37, inadai gramu moja tu kwa mililita, na ya naitriki ya asilimia 70 inadai gramu 1.3 hivi. Hesabu hizi zinaonyesha jambo ambalo ukaguzi wa kabati huliacha: kopo la nusu kilo linalotosha kwa karibu nusu lita ya haidrokloriki linatosheleza mililita 160 hivi tu za salfuriki. Ndiyo maana mwagiko wa chupa nzima ya lita 2.5 hauhesabiwi kuwa mdogo hata maabara ikiwa na watu hodari.

Unga hunyunyizwa ukiwa mkavu, kuanzia kwenye ukuta na kuingia ndani kidogo kidogo, kamwe si kwa kumwaga rundo katikati. Kutoka pembeni, asidi hukutana na unga mwingi kuliko yenyewe, povu hubaki dogo, na joto hupata nafasi ya kutawanyika. Rundo likiangukia katikati, gesi hufumka chini yake na kuinua asidi juu. Gesi hiyo ni kabonidioksaidi, na kwa mfano wetu inakaribia lita 44. Kiasi hicho kinatisha kukisikia, lakini katika chumba chenye urefu wa mita 8, upana wa mita 6 na kimo cha mita 3 ni kama sehemu tatu katika elfu kumi za hewa yote, hivyo haimzibi mtu pumzi. Kinachoogopwa ni ule ukungu wa asidi unaobebwa na viputo vinavyopasuka, na ndiyo sababu uso usiinamishwe juu ya povu na mkono unaonyunyiza uwe na kijiko kirefu cha plastiki.

Tunafika mahali ambapo watu waangalifu kabisa hukosea. Povu linakoma, meza inaonekana imefunikwa unga mweupe, na kila mtu anavuta pumzi ya shukrani. Lakini kukoma kwa povu si ushahidi kwamba asidi imekwisha. Asidi ya asilimia 98 haina maji karibu kabisa, na chumvi zinazozaliwa hujikusanya kama ukoko mgumu kati ya asidi iliyo chini na unga ulio juu. Uchanganye kwa kijiti bapa cha plastiki, ukiuvunja ukoko huo, na mara nyingi utaona povu likianza upya. Ni baada tu ya uji huo mzito kuchanganywa bila kutoa povu ndipo maji hunyunyizwa juu yake, machache, kama mtu anavyonyunyizia unga wa ugali kuulainisha. Povu likirudi, unga unaongezwa. Maji yaliyokuwa adui mwanzoni sasa yanahitajika ili mmenyuko umalizike. Kilichobadilika ni kwamba asidi iliyobaki ni kidogo na imezungukwa na unga wa kuipokea.

Uthibitisho hutolewa na karatasi ya pH. Isichomekwe moja kwa moja kwenye ukoko, kwani asidi iliyokolea huweza kuiunguza na kuharibu rangi. Chota uji kiasi cha kijiko cha chai, ukoroge kwenye bika lenye maji kidogo, kisha uchovye karatasi humo. Fanya hivyo katikati ya mwagiko, pembeni mwake, na mahali ambapo asidi ilikuwa ikielekea. Majibu yote yakiwa kati ya 6 na 9, meza iko tayari kusafishwa. Sehemu moja ikitoa 2, kazi haijaisha, hata kama nyingine zote ni safi.

Uji huo ukusanywe kwa kizoleo cha plastiki na kuwekwa kwenye ndoo ya plastiki yenye lebo. Kifuniko kiegeshwe tu siku ya kwanza, kisikazwe, kwa kuwa punje za asidi zilizojificha huendelea kutoa gesi, na ndoo iliyobanwa inaweza kupasuka. Vipande vya kioo huokotwa kwa koleo na kuoshwa kwa maji ya bikaboneti kabla ya kwenda kwenye kopo la vioo. Ikiwa asidi ilikuwa safi kutoka chupani, kilichobaki ni sodiamu salfeti na bikaboneti ya ziada, na kwa kawaida hukubalika kumwagwa kwenye sinki pamoja na maji mengi pale taratibu za taasisi zinaporuhusu. Ikiwa ilikuwa na kromati, zebaki, shaba au metali nyingine nzito, kuua makali hakuondoi sumu hiyo, na ndoo huhifadhiwa kama taka ya kemikali.

Taarifa ya mdomo hutolewa palepale kwa mkuu wa maabara, na ya maandishi siku hiyohiyo, wakati aliyeshuhudia bado anakumbuka mpangilio wa mambo. Iandike saa, mahali, jina la asidi na asilimia yake, kiasi kilichokadiriwa na namna kilivyokadiriwa, nani alikuwa karibu, nani aliguswa na alioshwa kwa dakika ngapi, unga gani ulitumika na gramu ngapi, vipimo vya mwisho vya pH, na taka imewekwa wapi. Sehemu ya chanzo ndiyo inayoandikwa vibaya mara nyingi. "Uzembe wa mwanafunzi" si chanzo kinachoweza kurekebishwa. "Silinda nyembamba ya mililita 100 ilijazwa moja kwa moja kutoka chupa yenye uzito unaozidi kilo nne na nusu, bila trei chini" ni chanzo, na kinaonyesha kwamba asidi ingemiminwa kwanza kwenye bika pana lililo ndani ya trei.

Nje ya taasisi, wajibu hutegemea nchi na madhara. Kenya ina Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007, na Tanzania Bara ina yake ya mwaka 2003, ambazo zote zinamtaka mwajiri kutoa taarifa za ajali kazini kwa mamlaka. Kwa hiyo mwagiko uliomjeruhi mfanyakazi si jambo la kumalizwa ndani. Tanzania pia ina sheria ya kemikali za viwandani na majumbani ya mwaka 2003, inayosimamiwa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Tena, asidi ya salfuriki na ya haidrokloriki zimo katika orodha ya kemikali bashirifu, yaani zinazoweza kutumika kutengeneza dawa za kulevya, iliyo kwenye Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1988 dhidi ya biashara haramu ya dawa za kulevya. Hilo linamaanisha kwamba mililita 50 zilizopotea mezani ziandikwe kwenye leja ya bohari kama zilizomwagika, zikirejea namba ya taarifa ya tukio, ili pengo kati ya leja na chupa lisije likawa swali lisilo na jibu wakati wa ukaguzi.

Asubuhi inayofuata msimamizi arudi kwenye meza ile na karatasi ya pH iliyoloweshwa maji safi. Asidi ya salfuriki haikauki kama haidrokloriki inayopaa yenyewe. Tone lililojificha kwenye mwanya wa mbao au chini ya ukingo hunyonya unyevu wa hewa usiku kucha na kuongezeka ukubwa, hasa katika miji ya pwani. Aguse mwanya, upande wa ndani wa droo, mishikio yake, na sakafu iliyokuwa chini ya beseni. Karatasi ikibaki bila kugeuka kila mahali, meza ifunguliwe, kopo la bikaboneti lijazwe tena hadi alama yake, na tarehe ya kulijaza iandikwe kwenye kifuniko.